Namna bakteria inaweka sura ya adui yake mu kumbukumbu: kinga ya CRISPR

Mu fromajeri ao mu kiwanda cha yaurti, kuna siku maziwa yanakataa kuganda. Mbegu ni ile ile ya kila siku, joto ni lile lile, vyombo vimeoshwa vizuri. Lakini saa zinapita, na maziwa yangali maji tu. Watu wa kazi hiyo, hapa Masisi ao kule Ulaya, wanajua kwamba kuna sababu mbili za kufikiri kwanza.

Ya kwanza ni dawa. Kama ng'ombe alipigwa shindano ya antibiotiki na maziwa yake yakachanganywa na mengine mbele ya siku za kungoja kuisha, dawa hiyo inazuia bakteria za mbegu kukua. Hapo kuganda kunakataa tangu mwanzo, na kesho yake, kama maziwa ni ya ng'ombe mwingine, kazi inarudia kuwa sawa.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi, juu yenyewe inazaana. Ni virusi vidogo sana vinavyoitwa faji. Faji haishambulii mtu wala ng'ombe. Chakula chake ni bakteria peke yake. Leo inachelewesha kuganda kidogo, kesho inachelewesha zaidi, na siku ya tatu hakuna kitu kinachoganda, hata kama maziwa ni mazuri. Inabaki mu maji ya maziwa yaliyomwangika, mu mipira na mu ndoo, inangojea mbegu ya kesho.

Kumbe mu hasara hii ya wenye viwanda vya maziwa njo wataalamu waligundua kwamba bakteria nazo ziko na kinga inayojifunza. Bakteria iliyoponea faji inaweza kuweka kipande cha faji hiyo mu mwili wake, ikaitambua siku nyingine, na ikawaachia watoto wake kumbukumbu hiyo. Kinga hii inaitwa CRISPR.

Faji inaua namna gani

Kila kiumbe kiko na maagizo yake ya maisha, yaliyoandikwa mu uzi mrefu unaoitwa ADN. Maandishi yake yanatumia herufi nne tu: A, T, G na C. Faji ni kama mfuko mdogo wenye kubeba uzi huo, na mkia wa kujishikiza.

Faji inafika juu ya bakteria, inashikilia fasi inayoijua, kisha inaingiza ADN yake ndani. Mfuko wenyewe unabaki inje. ADN ikishaingia, inatawala kazi zote za seli: bakteria inaacha kujitengenezea vitu vyake na kuanza kutengeneza faji. Kwa faji inayojulikana zaidi mu habari hii, ile yenye namba 2972, nusu saa hivi inatosha. Bakteria inapasuka na faji zaidi ya 100 zinatoka.

Hesabu yake inatisha. Faji 1 inatoa 100. Hizo 100 zinatoa 10,000. Mara ya tatu ni 1,000,000. Hayo yote yanafanyika kwa saa moja na nusu ao mbili, kumbe maziwa ya yaurti yanahitaji saa nyingi kuliko hizo ili kuganda. Njo maana chombo kizima kinaweza kupotea mbele mtu hajaelewa kitu.

Hapa njo swali kubwa linatokea. Kama bakteria inakufa kwa nusu saa, inapata wakati gani wa kujifunza? Maiti haiandiki kitu. Ili kujibu, lazima kwanza kuona kumbukumbu yenyewe iko namna gani.

Safu ya marudio na vipande

Mu ADN ya bakteria nyingi kuna fasi moja ya ajabu. Maneno mamoja yanarudiliwa mara nyingi, herufi kwa herufi, na kati ya marudio hayo kuna vipande vifupi ambavyo havifanani hata kidogo. Ni kama ukuta wenye matofali ya sura moja, na kati ya tofali na tofali mtu ameweka jiwe tofauti kila mara.

Wajapani wa Osaka waliona safu kama hiyo mu mwaka 1987 ndani ya bakteria ya matumbo inayoitwa E. coli, lakini hawakujua ni ya kazi gani. Mu Uhispania, Francisco Mojica wa chuo kikuu cha Alicante alifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi. Jina CRISPR lilianza kutumiwa mu mwaka 2002.

Mwaka 2005 njo fumbo lilianza kufunguka. Vikundi vitatu, kila kimoja kwa upande wake, vilichukua vile vipande vya katikati na kuvilinganisha na ADN iliyokwisha kusomwa mu labo za dunia. Vipande vingine vilikuwa sawasawa na ADN ya faji. Kikundi cha Mojica kiliona hivyo. Kikundi cha Ufaransa, mu Jouy-en-Josas, kiliona hivyo mu bakteria ya maziwa. Na kikundi kingine cha Ufaransa, cha Christine Pourcel na Gilles Vergnaud mu Orsay, kiliona hivyo mu bakteria ya tauni, ule ugonjwa ambao watu wa Ituri wanaujua vizuri.

Basi vile vipande vilikuwa kama picha za wezi zilizobandikwa kwa ukuta wa posti. Wataalamu wanaviita vitenganishi, juu vinatenganisha marudio. Hapa vitaitwa vipande vya kumbukumbu, ili kazi yake ionekane.

Lakini kufanana peke yake si ushahidi. Picha ya mwizi inaweza kuwa kwa ukuta na asiwe mtu wa kumkamata. Ilibaki kuonyesha kwamba bakteria inapata kipande kipya kweli, na kwamba kipande hicho kinaikinga kweli.

Jaribio la mwaka 2007

Ushahidi ulitoka kwa watu wa maziwa. Kampuni Danisco ilikuwa inatengeneza mbegu za yaurti na fromaji. Wataalamu wake Rodolphe Barrangou, mu Amerika, na Philippe Horvath, mu Ufaransa, walifanya kazi na Sylvain Moineau wa chuo kikuu cha Laval mu Québec, Kanada, mtu anayejua faji za maziwa.

Walichukua ukoo mmoja wa bakteria inayogandisha yaurti, jina lake Streptococcus thermophilus. Mu safu yake ya kwanza ya CRISPR mulikuwa vipande vya kumbukumbu 32. Walikuwa pia na faji mbili zilizotoka mu yaurti za viwanda: ile 2972 na nyingine yenye namba 858. Zote mbili ziliua ukoo huo bila shida.

Kisha walichanganya bakteria nyingi sana na faji, na kungoja. Karibu zote zilikufa. Lakini mu mamilioni kunabakia chache ambazo hazikufa, na hizo zinaanza kukua tena. Walichukua koo tisa za wale waliobakia na kusoma safu zao za CRISPR.

Zote zilikuwa zimeongezewa kitu. Zamoja zilikuwa na kipande kimoja kipya, zingine mbili, mpaka vine. Vipande hivyo havikuwa mu bakteria ya mwanzo. Na herufi zake zilipatikana mu ADN ya faji iliyotumiwa kushambulia. Jambo lingine: vyote viliingia kwa upande mmoja wa safu, upande wa kichwa. Vile 32 vya zamani vilibaki nyuma, kwa mpangilio wake ule ule.

Bado mtu mwenye shaka angeweza kusema kwamba bakteria hizo ziliponea kwa sababu ingine. Njo maana walifanya jaribio la pande mbili. Upande wa kwanza, waliondoa vipande vipya kwa bakteria iliyokuwa na kinga: kinga ikapotea, faji ikaua tena. Upande wa pili, walichukua vipande hivyo na kuviweka kwa bakteria ambayo haikukutana na faji hiyo: ikapata kinga. Na pale kipande hakikufanana na faji herufi kwa herufi, hakikukinga.

Hapo shaka iliisha. Kipande njo kumbukumbu, na kumbukumbu njo kinga. Habari hiyo ilitoka mu gazeti Science, mwezi wa tatu mwaka 2007.

Kuona kipande kipya mu labo

Kuangalia kama bakteria imejifunza si kazi ya kichawi. Mu ukoo huu, neno lenye kurudiliwa liko na herufi 36, na kipande cha kumbukumbu kiko na herufi 30. Kila mara bakteria inaongeza kipande kimoja, inaongeza pia rudio moja. Kwa hiyo safu inarefuka kwa herufi 66 kila mara.

Chukua mfano huu. Fundi wa labo anakuza sehemu ya kichwa cha safu kwa njia ya PCR, ile ile inayotumiwa kupima Ebola. Kwa bakteria ya mwanzo, sehemu aliyochagua iko na herufi 300. Akipima ile iliyobakia baada ya faji, anakuta 366: kuna kipande kimoja kipya. Akikuta 432, ni viwili. Akikuta 498, ni vitatu.

Na kama anakuta 300 tena, lakini bakteria hafi? Basi haikujifunza kwa CRISPR. Kuna njia zingine za kupona. Inayojulikana zaidi ni kubadilisha ile fasi ya ngozi ambako faji inajishikiza, sawa vile mtu anabadilisha kitasa ili ufunguo wa mwizi usiingie. Njia hiyo inaokoa bakteria, lakini mara ingine inaiharibia kazi, na mbegu inagandisha maziwa polepole. Njo maana watu wa viwanda wanapendelea ile yenye kipande kipya: imepata kinga bila kubadilika kwa mambo mengine.

Kipande kinaingia namna gani

Kazi ya kuchukua kipande inafanywa na protini mbili zinazoshikana: Cas1 na Cas2. Nne za Cas1 na mbili za Cas2 zinakaa pamoja kama mkono mmoja. Mkono huo unashika kipande cha ADN ya mgeni, na umbo lake njo kipimo: kipande kinachokaa vizuri ndani yake kiko na urefu unaotakiwa. Kwa hiyo vipande vya ukoo mmoja vinalingana karibu vyote.

Kisha Cas1 na Cas2 zinapeleka kipande mpaka kwa kichwa cha safu. Mbele ya rudio la kwanza kuna herufi zenye kuonyesha kwamba fasi ya kuingilia njo hapa. Zinakata rudio la kwanza pande zote mbili, lakini kila upande zinakata uzi mmoja tu kati ya nyuzi mbili za ADN. Rudio linafunguka kama nguo yenye kitambaa cha juu na cha ndani: kitambaa kimoja kinaenda kushoto, kingine kuume, na kipande kipya kinakaa katikati. Kila upande umebaki na uzi mmoja, na seli inajaza ule unaokosekana. Matokeo yake, rudio lililokuwa moja limekuwa mawili. Njo maana safu inaongezeka herufi 66, na si 30 peke yake.

Juu kipande kipya kinaingia kila mara kwa kichwa, safu inasomeka kama daftari ambamo habari ya leo inaandikwa juu ya ile ya jana. Vya kichwani ni vya vita vya karibuni. Vya mkiani ni vya mababu. Bakteria za ukoo mmoja zinafanana kwa mkia na kutofautiana kwa kichwa.

Si kila kipande kinafaa

Hapa kuna hatari. Kipande kiko mu safu ya bakteria, na kiko pia mu ADN ya faji. Herufi ni zile zile. Bakteria inajuaje kukata ya faji bila kujikata yenyewe?

Jibu liko kwa jirani ya kipande. Mu ADN ya faji, karibu na zile herufi 30, lazima kuwe na alama fupi. Kwa bakteria hii ya yaurti, safu yake ya kwanza inatafuta alama AGAA, herufi mbili baada ya kipande. Alama hiyo wataalamu wanaiita PAM. Mu safu ya bakteria, kipande kimezungukwa na marudio, na pale alama haiko. Kwa hiyo askari anayekata anapita bila kugusa.

Askari huyo ni protini inayoitwa Cas9. Safu inanakiliwa kuwa ARN fupi-fupi, kila moja na kipande chake cha kumbukumbu. Cas9 inabeba ARN hiyo na kutembea nayo mu seli kama askari mwenye picha mkononi. Ikikuta ADN yenye alama na yenye herufi zinazolingana, inaikata. Mwaka 2010 kikundi cha Moineau kilionyesha kwamba ADN ya faji inakatwa kweli, herufi 3 mbele ya alama, mbele faji haijapata wakati wa kuzaana.

Kwa muda fulani watu walifikiri kwamba Cas9 kazi yake ni kukata tu. Lakini mwaka 2015 majaribio yalionyesha kwamba inasaidia pia kuchagua kipande: inaelekeza Cas1 na Cas2 kwa fasi zenye alama. Bila Cas9, kuchukua vipande kunakwama. Na ikibadilishwa isiweze kutambua alama, vipande vinachukuliwa ovyo, na vingi haviwezi kukinga.

Hata hivyo makosa yanatokea. Mara ingine bakteria inachukua kipande cha ADN yake yenyewe, kikiwa na alama pembeni. Hapo Cas9 inageukia nyumba yake, na bakteria inakufa. Ni ajali inayofanana na magonjwa ya mtu ambayo kinga yake inashambulia mwili wake. Bakteria zenye ajali hiyo hazionekani mu labo, juu zimekwisha kufa. Zile zinazopatikana njo zilizochagua vizuri, ao zilizokuwa na bahati.

Jibu la swali: kujifunza kwa adui aliyevunjika

Sasa inawezekana kurudilia lile swali la nusu saa. Kuchukua kipande ni jambo la nadra: inafanikiwa kwa seli moja tu kati ya mamilioni. Na seli hiyo lazima ichukue kipande, ikiweke mu safu, inakili ARN, ifunge Cas9, kisha ikate, wakati faji iko inajizalisha ndani yake. Kwa faji yenye nguvu, mbio hizo ni ngumu sana kushinda.

Mwaka 2014, Alexander Hynes, Manuela Villion na Moineau, pale Laval, walitoa jibu zuri. Walifikiri kwamba pengine seli inayojifunza si ile iliyopigwa na faji nzima. Pengine ni ile iliyopigwa na faji iliyoharibika, ambayo inaingiza ADN lakini haiwezi kumaliza kazi ya kuua.

Ili kupima, walichoma faji kwa mwangaza wa UV, ule ulio mu jua na unaovunja-vunja ADN. Kisha walichanganya faji hizo zilizovunjika na faji nzima, na kuzipa bakteria. Bakteria zilizopata kipande kipya na kupona zikawa nyingi kuliko pale walipotumia faji nzima peke yake. Waliona jambo hilo hilo pale bakteria ilipokuwa na silaha ingine ya kukata ADN ya wageni: silaha hiyo inavunja faji kwanza, na CRISPR inaokota vipande.

Kwa mtu aliyekwisha kupeleka mtoto kwa chanjo, wazo hili si geni. Chanjo nyingi ziko na mikrobi iliyouliwa ao kudhoofishwa, ili mwili uone sura ya adui bila kuugua. Mu dunia ya bakteria hakuna muganga wa kuandaa chanjo, lakini kati ya faji nyingi zinazozaliwa, kila mara kuna zenye kasoro. Hizo njo zinawapa bakteria somo.

Kazi ingine ya mwaka 2017, mu labo ya Luciano Marraffini pale New York, iliongeza kitu. Faji inaingiza ADN yake kama kamba: mwisho mmoja unatangulia, mwingine unafuata. Walikuta kwamba vipande vingi vinachukuliwa kwa ule mwisho unaotangulia kuingia. Hiyo ni faida siku adui anarudi, juu Cas9 yenye picha ya mwisho huo inaweza kukata kamba mapema sana, wakati sehemu ingine ingali inaingia.

Faji nayo haikubali

Kipande cha herufi 30 ni kidogo sana mu ADN ya faji yenye herufi karibu 35,000. Haifiki hata sehemu moja kwa 1,000. Kwa hiyo faji inaweza kuponyoka kwa kubadilisha herufi moja tu, kama herufi hiyo iko mu alama ao karibu kabisa na alama. Askari anatafuta AGAA, anakuta AGCA, anapita.

Hapo njo faida ya kuwa na vipande viwili ao zaidi inaonekana. Kama, kwa mfano, faji moja kwa milioni iko na mabadiliko yanayoficha kipande cha kwanza, na moja kwa milioni yanayoficha cha pili, basi yenye mabadiliko yote mawili ni moja kwa milioni mara milioni. Vilevile, mu chombo kimoja seli tofauti zinachukua vipande tofauti. Faji iliyojificha kwa seli moja inakamatwa na jirani yake. Kundi lenye kumbukumbu mbalimbali linasimama imara kuliko kundi ambalo wote wamekariri somo moja. Kwa sababu hiyo watu wa viwanda hawategemei ukoo mmoja. Wanabadilisha mbegu kwa zamu, na kuchanganya zenye vipande tofauti.

Faji zingine ziko na dawa kali zaidi: zinabeba protini ndogo zinazoenda kufunga Cas9 ao mashine zingine za CRISPR. Zinaitwa anti-CRISPR, na za kwanza zilijulikana mwaka 2013.

Mwaka ule ule, jambo la kushangaza lilionekana kwa kipindupindu, ugonjwa ambao pembeni ya Kivu na Tanganyika hauishi. Bakteria ya kipindupindu inayoenea leo haina CRISPR; inajikinga na faji kwa njia ingine. Lakini faji moja inayoitwa ICP1, iliyopatikana kwa wagonjwa wa Bangladesh, iko na safu ya CRISPR yake yenyewe, na inaitumia kukata ile kinga ya bakteria. Mwizi amebeba picha za polisi.

Tofauti na kinga ya mtu

Mtu asifikiri kwamba mwili wake unafanya hivi. Mama aliyepata chanjo anampa mtoto wake ulinzi wa muda kupitia damu na maziwa, lakini haandiki chanjo hiyo mu ADN ya mtoto. Njo maana kila mtoto lazima apelekwe kwa chanjo yake. Bakteria, yenyewe, inaandika mu ADN, na ikigawanyika mara mbili, wale wawili wanazaliwa wakijua.

Lakini kumbukumbu hiyo si ya milele. Juu marudio yanafanana, mara ingine mawili yanashikana na vipande vilivyokuwa kati yao vinadondoka. Safu haiwezi kurefuka bila mwisho. Na si bakteria zote ziko na CRISPR: mu zile ambazo ADN yake imesomwa, karibu 4 kwa 10 njo ziko nayo.

Zingine ziko na safu ambayo imeacha kuongezeka. Bakteria ya kifua kikuu ni mfano. Vipande vyake havionekani kuongezeka tena, lakini kila ukoo umepoteza vipande fulani na kubaki na vingine. Tangu miaka ya 1990, mu labo wanaangalia vipande 43 ili kujua kama wagonjwa wawili wanaweza kuwa na kifua kikuu cha ukoo mmoja. Kumbukumbu ya vita vya zamani imekuwa alama ya kutambulisha.

Watu wengi walisikia neno CRISPR kwa mara ya kwanza mwaka 2020, wakati Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipata zawadi ya Nobel ya kemia, kwa kugeuza Cas9 kuwa makasi ya kukata ADN yoyote ambayo mtu anataka. Mu kazi hiyo, ni mtu njo anaandika herufi za kuongoza makasi. Kwa bakteria hakuna wa kuandika. Inaokota herufi hizo kwa adui mwenyewe, na mara nyingi kwa adui aliyefika akiwa amekwisha kuvunjika.